Fahamu: Namna ya kulinganisha matoleo mawili ya wasilisho

Wasilisho la mradi limerudi kutoka kwa wakubwa, na unaambiwa yamebadilika "mambo madogo tu". Usiyatafute kwa kufuata namba za slaidi. Slaidi moja ikichomekwa baada ya ya tatu, iliyokuwa ya nne inakuwa ya tano, na kila kitu baada yake kitaonekana kipya. Oanisha kwanza slaidi kwa vichwa na maudhui yake. Iliyohama tu iandike "imehamishwa", maana haikufutwa wala kuongezwa.

Kwenye PowerPoint ya kompyuta, fungua toleo la zamani, nenda Review, bonyeza Compare, kisha chagua toleo jipya. Mabadiliko yatajitokeza pembeni. Wengine hunakili maandishi kutoka Outline View, lakini hapo maneno ya kwenye visanduku vya kuongezea, majedwali na chati hayaonekani, na tarakimu nyingi hukaa humo humo. Hayo yapitie kwa macho, pamoja na slaidi zilizofichwa na maelezo ya msemaji.

Kwenye orodha yako ya mabadiliko, nukuu maneno ya matoleo yote mawili. Tuseme slaidi ya 6 ilisema "Kisima kitakamilika Juni", na sasa ya 7 inasema "Kisima kinatarajiwa kukamilika Juni". Ukiandika "lugha imeboreshwa" umemficha msomaji jambo zito: ahadi imegeuka matarajio. Andika ya zamani, andika mpya, taja slaidi zote mbili, na maoni yako yaweke kando.