Umechukua Kipande cha Ramani cha Timu Nyingine? Kirudishe Hivi

Wengi wanaojitolea kuchora ramani ya OpenStreetMap huanzia kwenye Tasking Manager, mfumo wa shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team. Mfumo huu hulikata eneo kubwa katika vipande vidogo ili watu wengi wachore kwa wakati mmoja bila kurudia kazi. Unachagua kipande, unakichukua, nacho kinafungwa kwa jina lako. Kwa muda wa dakika 120 hakuna mwingine anayeweza kukichukua. Muda huo ukipita hujamaliza, kinafunguka chenyewe.

Tabu ni kwamba mgawanyo wa timu mara nyingi haumo ndani ya mfumo. Msimamizi wa mradi anaweza kuufunga mradi mzima ili timu fulani tu ndiyo ichore, lakini timu mbili zinapogawana mradi mmoja, mara nyingi hupatana kwa mdomo au kwenye kundi la WhatsApp: sisi tuchore upande huu wa mto, ninyi ule. Mfumo haujui mapatano hayo. Ukibonyeza kitufe cha kuanza kazi bila kuchagua kipande, unapewa chochote kilicho wazi. Hivyo mtu makini kabisa anaweza kujikuta kwenye eneo la wenzake, na asijue mpaka ameshachora nyumba kadhaa.

Kuna ubaya gani, ikiwa nyumba ni nyumba tu? Ubaya uko kwenye picha ya chini. Dar es Salaam, kwa mfano, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 ili kusaidia kukabiliana na mafuriko uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa, na baadhi ya maeneo yalipigwa picha kwa droni. Picha ya droni na picha ya satelaiti ya eneo lilelile hazilingani sawasawa kila mara. Zinaweza kupishana kwa mita kadhaa. Kwenye mtaa ambao nyumba zimebanana, mita tatu zinatosha kuitoa nyumba uani na kuiweka njiani. Timu yenye eneo lake imeelekezwa itumie picha gani. Wewe uliyeingia kwa bahati mbaya huenda unatumia nyingine.

Tuseme basi umechukua kipande namba 214. Umechora nyumba 30, 18 kati ya hizo umeshazipakia, na 12 bado ziko kwenye kompyuta yako. Hapo ndipo unapoona kwenye kundi kwamba vipande vya ng'ambo ya mto ni vya timu ya chuo. Kishawishi cha kwanza ni kufunga dirisha na kunyamaza, kwa kuwa saa mbili zikiisha kipande kitajifungua. Ni kweli kitajifungua, ila kitafunguka bila neno. Atakayekichukua atakuta kinaonekana kama kipande ambacho hakijaguswa, kumbe ndani kuna nyumba 18 zilizosogea, na hatajua kama azirekebishe, azifute au achore zake juu yake.

Linalowatatiza wengi ni kwamba kufuli na ramani ni vitu viwili tofauti. Tasking Manager inajua nani amechukua kipande na kwa muda gani. Haijui umechora nini. Ulichopakia kimeingia OpenStreetMap na kitabaki huko hata ukikirudisha kipande. Ambacho hujapakia kiko kwako peke yako. Zile nyumba 12 ndizo hatari iliyojificha. Kihariri cha iD, kile kinachofunguka ndani ya kivinjari, huhifadhi michoro ambayo hujapakia na kukuuliza siku nyingine kama ungependa kuirejesha. Wiki ijayo ukikubali kwa haraka na kupakia, utakuwa umeweka nyumba 12 juu ya nyumba ambazo timu ya chuo imeshazichora. Mhakiki atazikuta zimelaliana, mbilimbili, na atatumia jioni yake kuzitenganisha.

Kwa hiyo amua kuhusu zile 12 kabla hujagusa kufuli. Kama picha uliyotumia ni ileile ya wenyeji wa eneo, zipakie ili kazi isipotee. Kama ni nyingine, zitupe kabisa; usiziache zikisubiri. Zile 18 zilizokwisha pakiwa usizifute kwa aibu. Ufutaji wa jumla kwenye ramani ya pamoja ni rahisi kuzoa na kazi ya mtu mwingine, na pengine wenyewe wataona ni rahisi zaidi kuzisogeza kuliko kuzichora upya. Uamuzi huo ni wao. Wajibu wako ni kuwaambia zipo.

Sasa andika maelezo kwenye sehemu ya maoni ya kipande chenyewe, si kwenye WhatsApp tu. Ujumbe wa kundi huzama chini ya salamu na picha baada ya saa moja, lakini maoni ya kipande hubaki kwenye historia yake, na yeyote atakayekichukua anaweza kuyasoma. Yanaweza kuwa mafupi hivi:

"Samahani, nimekichukua kipande hiki kwa makosa, ni cha timu ya chuo. Nimepakia nyumba 18 upande wa kaskazini mpaka kwenye barabara ya lami, kwa picha ya satelaiti, si ya droni, hivyo huenda zimesogea. Kusini sijagusa. Hakuna nilichobakiza bila kupakia."

Samahani moja inatosha. Nimeona watu wakiandika aya nzima ya kujieleza huku wakisahau kutaja wamechora upande gani, na msomaji anabaki na huruma badala ya taarifa. Jihadhari pia na "nimewasaidia kumaliza nusu". Kwa aliyepangiwa eneo, hiyo ni kazi ya kukagua ambayo hakuiomba.

Baada ya hapo, mfumo unapouliza kama kipande kimechorwa chote, jibu hapana, kisha wasilisha. Ukijibu ndiyo, kipande kitaingia kwenye foleni ya wahakiki, na timu ya chuo itakiona kama kazi iliyokwisha. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote hapa, kwa sababu nusu ya kusini itabaki tupu mpaka mhakiki aigundue.

Kuna pengo moja la kuangalia. Kufuli haihamishwi kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Lazima uachie, kisha mwenzako achukue, na katikati hapo mtu wa tatu anaweza kupewa kipande hichohicho bila kukusudia. Kwa hiyo mtumie kiongozi wa timu ile ujumbe kabla ya kuachia: "Shikamoo dada, nimeingia 214 kwa makosa. Naiachia baada ya dakika kumi, maelezo yako kwenye maoni. Kama mtu wenu yupo mtandaoni, aichukue." Asipojibu, iachie hivyo hivyo. Kuing'ang'ania huku ukisubiri jibu kunawazuia wenyewe wasiingie kwenye eneo lao.

Kabla hujazima kompyuta, fungua historia ya kipande 214 uhakikishe mambo mawili: kufuli haina jina lako tena, na maoni yako yanasomeka. Kama hayapo, kichukue tena kwa dakika moja, uyaandike upya, kisha ukiachie.