Chanjo Moja Isihesabiwe Mara Mbili

Usajili wa chanjo kwa kishikwambi nchini ulianzia mkoani Arusha, kupitia mradi wa BID wa shirika la PATH. Mkoa huo unafika hadi Arash, tarafa ya Loliondo, ambako mtandao haukuahidi kitu. Ndiyo maana programu ya kazi hii haipaswi kumsubirisha muuguzi mpaka seva ijibu.

Tuchukue mtoto wa wiki 10 anayechomwa Penta ya pili. Muuguzi akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, taarifa iandikwe kwanza kwenye kumbukumbu ya kudumu ya kishikwambi, na hapo ndipo skrini iseme imehifadhiwa. Taarifa iliyo kwenye kumbukumbu ya muda hupotea chaji ikiisha. Baada ya kuandikwa inakaa kwenye foleni, na programu inajaribu kuituma yenyewe kila mtandao unaporudi. Ikishindikana, isubiri sekunde 10, kisha 20, kisha 40, ili isimalize betri kwa kubisha hodi bure.

Mtandao ukikatika kabla taarifa haijaondoka, hakuna tabu. Kasheshe ni pale seva imeshapokea, halafu mtandao ukakatika jibu likiwa njiani. Kishikwambi hakijui kilichotokea, kwa hiyo kitatuma tena, na kufanya hivyo ni sahihi. Lakini seva isipokuwa makini itaandika dozi mbili. Mtoto ataonekana amemaliza Penta 3, na wiki ya 14 hakuna atakayemtafuta. Huyo ni mtoto mwenye kinga pungufu, ingawa rekodi zinasema yuko salama.

Dawa yake ni kila tukio kupewa namba yake ya pekee na kishikwambi chenyewe, palepale linapoandikwa, na namba hiyo isibadilike hata likitumwa mara kumi. Seva ikiiona tena, hujibu kwamba imepokea bila kuongeza dozi. Programu ya ODK Collect hufanya hivyo kwa namba iitwayo `instanceID`. Tukio lisitoke kwenye foleni kabla seva haijajibu kwamba imelipokea.

Mpangilio nao una umuhimu: usajili wa mtoto utangulie dozi zake, la sivyo seva itaikataa dozi ya mtoto isiyemjua. Kilichokataliwa kwa kosa la taarifa kiwekwe pembeni kirekebishwe na mtu, maana kikiachwa mbele kitawazuia watoto wengine wote walio nyuma yake.

Utagundua foleni imekwama kwa kutazama idadi ya taarifa zinazosubiri: mtandao upo, idadi haishuki. Hapo usifute programu wala data zake kwa kudhani unaitengeneza, kwani foleni imo humo humo. Hadi idadi hiyo ifike sifuri, daftari la zahanati libaki mezani na liendelee kujazwa.