Taa ya Maji Katika Mafuta ya Dizeli

Wasomaji wetu wengi wakaao katika milima ya Uluguru hawana motakaa yao wenyewe, lakini kila nyumba hulitegemea gari siku moja ama nyingine. Gari ndilo limchukualo mgonjwa, lileta­lo vitabu vya shule, na kushusha ndizi na mboga mpaka sokoni Morogoro. Magari mengi yapandayo njia hizo hutumia dizeli, na katika ubao wa taa ulio mbele ya dereva mna taa moja ndogo ambayo watu hawaijui vema. Ina picha ya chujio, au ya bomba la mafuta, pamoja na matone ya maji. Ufunguo ukizungushwa taa hiyo huwaka kidogo, ili dereva aone kwamba ni nzima, kisha huzimika injini ikiunguruma. Ikiwaka gari likiwa safarini, maana yake ni kwamba maji yamekusanyika katika chujio la mafuta na yapasa kutolewa.

Ili kuifahamu kazi yake, yatupasa kuanza na tabia ya vitu viwili hivi. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, na lita 1 ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi. Tena havichanganyiki. Ukivitia pamoja katika chupa nyeupe, ukatikisa, ukaiweka chini itulie, baada ya kitambo utaona maji yamekaa chini na dizeli juu, na baina yao mstari ulio wazi.

Chombo cha kutenga maji hufanya kazi hiyohiyo. Mafundi wengine hukiita sedimenta, na katika magari mengi kimeungana na chujio lenyewe. Mafuta yatokapo katika tangi huingia ndani yake, na kwa kuwa nafasi ni pana kuliko bomba, mwendo wake hupungua. Hapo matone ya maji, yaliyo mazito, huanguka chini katika bakuli ndogo, nayo dizeli huendelea juu kwenda injini. Ndani ya bakuli mna kiboya chenye sumaku. Kiboya hicho kimepimwa uzito wake kwa akili: huzama katika dizeli, lakini huelea katika maji. Basi maji yakiongezeka, kiboya hupanda pamoja nayo, hata sumaku ikifika karibu na swichi iliyofichwa, umeme hupita na taa huwaka. Magari mengine hayana kiboya. Yana vipini viwili vya chuma, na taa huwaka maji yakivigusa vyote viwili, kwa maana umeme hupita katika maji wala haupiti katika dizeli.

Huenda msomaji akauliza, Maji kidogo yatadhuru nini? Pampu ya dizeli na nozeli zake hazina mafuta mengine ya kuzilainisha. Katika magari mengi dizeli yenyewe ndiyo izilainishayo. Vyuma vyake vimekaribiana sana, na nafasi baina yao ni ndogo kuliko unene wa unywele mara nyingi. Maji yakiingia hapo, vyuma husuguana vikavu, na gari likilala usiku mmoja au mbili, kutu huanza. Tena maji yakifika katika ncha ya nozeli yenye moto mkali, hugeuka mvuke kwa ghafula, na ncha yaweza kuvunjika. Dereva atasikia injini ikigonga, ataona moshi mweupe, na nguvu zitapungua mlimani. Ishara hizo zikionekana, maji yamekwisha kupita chujio.

Sasa natuchukue mfano, tuufuate hatua kwa hatua. Gari limetoka Matombo majira ya masika, likimchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa kumpeleka hospitali Morogoro. Asubuhi ile lilijazwa mafuta kutoka katika pipa lililosimama uani. Likiisha kupita Mkuyuni, penye kupanda, taa ya maji ikawaka. Injini bado inakwenda vizuri. Watu waliomo ndani wanasema, Twende, twende, mgonjwa ni mahututi. Je, dereva asimame au aendelee?

Yampasa asimame mahali palipo tambarare. Kutoa maji ni kazi ya robo saa, lakini injini ikizimika mlimani kwa maji yaliyoingia katika pampu, haitawaka tena kwa robo saa, pengine haitawaka usiku kucha. Basi afunge breki, aweke jiwe nyuma ya gurudumu, azime injini, na watu wote wazime sigara na kuondoa kila moto. Watu wa Morogoro hawajasahau tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu na kuwaka, wakafa watu zaidi ya 100. Yale yalikuwa petroli, ishikayo moto upesi kuliko dizeli, lakini dizeli nayo haifai kuchezewa karibu na moto.

Afunguapo boneti, atafute chujio la mafuta. Katika magari mengi ya Toyota ya dizeli lina pampu ya mkono juu yake, na chini yake mna kizibo cha kuzungusha, pengine chenye mpira mwembamba wa kumwagia. Aweke chini yake gilasi au chupa nyeupe iliyo wazi. Asitumie kopo la bati, kwa kuwa atahitaji kuona kitokacho. Kisha alegeze kizibo kwa mkono, mizunguko 2 au 2 na nusu, wala asikitoe kabisa. Maji yakikataa kutoka, asishangae. Hewa haiingii juu, kwa hiyo hayawezi kushuka. Abonyeze pampu ya mkono mara kadhaa, nayo yatasukumwa nje.

Yatatoka kwanza maji, pengine yenye uchafu na kutu, kisha mchanganyiko, halafu dizeli safi. Dizeli safi ikitoka mfululizo, afunge kizibo kwa nguvu ya mkono tu. Atumiaye koleo huharibu mizizi ya kizibo, au huikata pete yake ya mpira, kisha hewa hunyonywa ndani na gari hukataa kuwaka. Akiisha kufunga, abonyeze tena pampu mpaka iwe ngumu. Hapo hewa imesukumwa na chujio limejaa. Apanguse kwa kitambaa, awashe injini, atazame kama kizibo kinavuja, na kama taa imezimika. Asifungue kamwe mabomba ya chuma yaendayo katika nozeli wakati injini ikiunguruma, maana katika injini za siku hizi mafuta hupita humo kwa nguvu iwezayo kutoboa ngozi ya mtu.

Kisha atazame gilasi. Akiona mstari, ajue kipi maji na kipi dizeli. Asipoona mstari, asiseme upesi kwamba ni dizeli tupu, kwa maana yaweza kuwa maji matupu yenye rangi na harufu ya mafuta. Atie tone moja la maji ya kunywa. Likishuka mpaka chini likiwa duara kama shanga, kile ni dizeli; likipotea mara moja, kile ni maji. Katika mfano wetu, tone limepotea: gilasi nzima ni maji.

Basi gari likaendelea, na karibu na Kiroka taa ikawaka tena. Jambo hili ndilo kubwa katika mfano wetu. Taa ikiwaka mara moja tu baada ya miezi mingi, ni maji ya kawaida yaliyojikusanya. Ikiwaka mara ya pili katika safari ileile, maji hayamo katika chujio tu, yamo katika tangi. Mdomo wa bomba la kunyonya haugusi chini kabisa, kwa hiyo maji hulala chini yake kimya. Gari likipanda au kuyumba, huja mpaka mdomoni. Kwa kuwa ana mgonjwa, dereva atatoa maji tena, ataendesha polepole pasipo kulitikisa gari, naye atafika Morogoro. Lakini akiisha kumshusha mgonjwa, asilirudishe gari njiani mpaka tangi limefunguliwa kizibo chake cha chini na maji yote yametoka. Bakuli ya chujio huchukua maji kidogo tu, labda kiasi cha kikombe cha chai au pungufu. Maji mengi yakija kwa pamoja, yatapita juu yake.

Na maji yale yalitoka wapi? Yalitoka katika pipa. Pipa la lita 200 likisimama wima nje, mvua hukaa juu ya kifuniko chake ndani ya ukingo. Mchana jua hulipasha moto, hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka penye kizibo. Jioni hupoa, hewa hupungua, na pipa hunyonya kile kilicho juu ya kizibo, yaani maji. Maji yenye kina cha sentimita 1 juu ya kifuniko hicho ni kama lita 2 na nusu. Hayo yatosha kujaza bakuli ya chujio zaidi ya mara 10. Upande wa mashariki wa Uluguru, ambako mvua hazikomi kwa muda mrefu, pipa la namna hii hujinywesha maji siku nyingi za mwaka.

Dawa yake ni nyepesi. Pipa liwekwe chini ya paa. Kama hakuna paa, lilazwe ubavuni juu ya magogo, vizibo viwili vikiwa kulia na kushoto kwa usawa mmoja, ili mafuta yavifunike kwa ndani na hewa isipite. Kabla ya kuchota, pipa litulie siku nzima mahali pake, na mafuta ya chini kabisa yasitiwe katika gari. Tena gari lisilale usiku na tangi karibu tupu, hasa kule Mgeta penye baridi, maana hewa yenye unyevu ikipoa ndani ya tangi hutoa matone, kama yaonekanavyo juu ya sufuria baridi.

Ni vema kujua pia mahali ambapo taa haiwezi kusaidia. Maji yaliyotikiswa sana na mafuta hugeuka kama maziwa, matone yake ni madogo mno, hayaanguki upesi, hupita chujio pasipo kuwasha taa. Waya wake ukikatika haitawaka hata bakuli ikijaa. Kwa hiyo dereva atazame kila asubuhi kama inawaka ufunguo uzungushwapo. Na maji yakiachwa muda mrefu, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho huota penye mstari kati yake na dizeli, vikafanya utelezi mweusi uzibao chujio. Utelezi huo ukionekana katika gilasi, kutoa maji peke yake hakutoshi: tangi lisafishwe na chujio libadilishwe.

Kile kilichomwagika katika gilasi kisitupwe mtaroni. Vijito vya Uluguru huingia katika mto Ruvu, na watu hunywa maji yake mpaka Dar es Salaam. Kitiwe katika chupa yenye kizibo, kiandikwe ni kitu gani, kiwekwe mbali na watoto mpaka kipelekwe kwa fundi.