Kumjibu Mgeni Akatizaye Maneno

Katika Siku ya Wazazi ya muhula huu nalipewa kazi ya kushika kipaza sauti na kuongoza ratiba, yaani kazi ya mshereheshaji, ambaye huku mitaani Mwanza watu humtania kwa jina la "msema chochote". Jina hilo halifai hata kidogo. Kuna maneno mengi asiyopaswa kuyasema, na nalijifunza hivyo kwa aibu, kwa maana hii haikuwa mara yangu ya kwanza.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, naliongoza sherehe ndogo katika shule nyingine. Nilipokuwa nikisoma majina ya wageni, bwana mmoja aliyeketi nyuma alipaza sauti, "Kijana, hatusikii!" Nikamjibu upesi, "Mzee, kama masikio yamechoka, sogea mbele." Wenzangu wa safu za mbele walicheka sana, nami nikajiona bingwa. Lakini kicheko kile kilikatika ghafula, na tangu hapo kila nilichosema kilipokewa kwa kimya. Baadaye nikaambiwa kwamba spika ya nyuma ilikuwa imezimika. Yule bwana hakusema kwa ajili yake peke yake, bali kwa ajili ya watu kama arobaini walioketi karibu naye. Nilipompiga yeye, naliwapiga wote, na wale waliocheka ndio waliokuwa wachache.

Basi jambo la kwanza ni hili: kabla ya kumjibu mtu, jiulize kama anasema kweli. Akiwa anasema kweli, jibu zuri kuliko yote ni kusema, "Ahsante baba, umetusaidia," kisha kuitengeneza spika. Mzaha hauhitajiki hapo. Mzaha ni wa mtu ambaye hana shida unayoweza kuiondoa mara moja: amechoka, au ana haraka, au anapenda tu naye asikike.

Wasomaji wengi wa pande zetu wamepata kuona ngoma za Bulabo, ambazo hufanyika mwezi wa Juni pale Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Makundi mawili, Wagika na Wagalu, hucheza wakati mmoja, wakikabiliana uwanjani. Kundi hili huimba kulikejeli lile, na huleta kila namna ya maajabu, hata chatu. Hakuna mwamuzi anayetoa alama, kwani mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Mwimbaji akichosha, au akipita kiasi, anaona kwa macho yake watu wakihama kwenda kwa mwenzake.

Katika ukumbi wa shule watu hawahami, kwa sababu wamepewa viti. Lakini mioyo yao huhama vilevile, na dalili zake zipo. Mgeni akikatiza maneno, watu wote humgeukia yeye. Ukimjibu vema, macho hurudi kwako. Ukimjibu vibaya, macho hubaki kwake kwa huruma, au huinama chini, na mama mmoja huanza kumnong'oneza jirani yake. Ukiona hivyo, jua kwamba umekwisha kupoteza watu, hata kama vijana wangali wakicheka.

Tena kuna tofauti moja kubwa. Pale Bujora pande zote mbili zimekuja kutaniana, nazo zina ngoma na waimbaji wao. Mgeni wako hakuja kutaniwa, wala hana kipaza sauti. Wewe unacho. Kwa hiyo usimtanie kwa kabila lake, isipokuwa yeye mwenyewe ameufungua mlango wa utani. Usimtanie kamwe kwa umri wake, nguo zake, au matokeo ya mtihani ya mwanawe. Mzaha uuelekeze kwako, au kwa shughuli yenyewe.

Sasa nieleze yaliyotokea muhula huu. Ratiba yetu ilikuwa na mambo kumi na moja, na saa nane ilipofika tulikuwa tumemaliza saba tu. Chakula kilikuwa tayari, na harufu ya pilau ilikuwa ikiingia madirishani. Mzee mmoja mwenye fimbo alisimama katikati ya ukumbi akasema kwa nguvu, "Kijana! Maneno yenu ni marefu mno! Wengine tunarudi Sengerema!"

Ukumbi ukacheka, ukanitazama. Moyo ulinienda mbio. Nikanyamaza kama kwa pumzi mbili, kwa sababu mtu anayejibu bila kupumua husikika kama mwenye hasira. Kisha nikasema, "Shikamoo, babu."

Salamu hii ina nguvu ambayo sikuijua zamani. Mzee akisalimiwa mbele ya watu hawezi kuacha kuitikia. Akasema, "Marahaba, mjukuu wangu," na watu wakacheka tena, lakini sasa hakikuwa kicheko cha kungoja ugomvi. Tulikwisha kuwa babu na mjukuu. (Rafiki yangu mmoja aliniuliza baadaye kwa nini sikusema "Mwadila", salamu ya mchana ya Kisukuma. Nilimwambia kwamba si wazazi wetu wote wangeielewa, na mzaha usioeleweka na wote huwafungia wengine nje.)

Ndipo nikarudia maneno yake ili hata waliokuwa mbali wayasikie: "Babu anasema maneno yetu ni marefu, naye anarudi Sengerema. Ni kweli, babu. Ratiba yetu ni ndefu kama daraja la Kigongo na Busisi. Lakini daraja nalo lina mwisho. Tumebakiza nguzo mbili tu, kisha mimi mwenyewe nitakusindikiza kwenye pilau."

Daraja lile, lililofunguliwa mwezi wa Juni 2025, lina urefu wa kilometa tatu hivi, na kila atokaye Sengerema kuja mjini analijua. Kabla yake watu walingoja kivuko. Hivyo neno lilimfaa mzee na safari yake, tena lililoitwa refu ni ratiba yangu, si ulimi wake. Alicheka mpaka akaketi. Kuketi kwake ndiko nilikokutaka, maana jibu jema humwachia mtu njia ya kurudi kitini bila aibu.

Lakini msomaji atakumbuka kwamba yalibaki mambo manne, si mawili. Naliposema "nguzo mbili" nalikuwa nimekwisha kumtazama Mwalimu Mkuu, naye aliniinulia vidole viwili. Shairi na igizo fupi vikaahirishwa hadi jioni, jambo lililowaudhi waigizaji, na bado nadaiwa radhi nao. Kama ningeahidi mawili kisha nikaleta manne, mzee angesimama tena, na safari hiyo ukumbi mzima ungekuwa wake, kwa haki.

Na kama angesimama tena bila sababu? Ningemjibu kwa ufupi zaidi, bila mzaha mpya. Mara ya tatu nisingemjibu kabisa. Mwalimu au mzee mwenzake angekwenda kuketi karibu naye na kuzungumza naye polepole. Kwa mtu aliyelewa fanya hivyo tangu mara ya kwanza, kwa sababu mlevi hulichukua kila jibu kuwa mwaliko.

Zawadi zilitolewa, kwaya ikaimba, kisha Mwalimu Mkuu akaongeza maneno machache ya shukrani ambayo hayakuwamo katika hesabu yangu. Nalimsindikiza babu kwenye pilau kama nilivyoahidi. Alipokuwa akinawa mikono alinitazama kwa jicho moja akasema, "Mjukuu wangu, nguzo zilikuwa tatu. Nimezihesabu."