Matabaka ya Ufafanuzi katika Rekodi za Lugha Zinazofifia: Mfano wa Kisuba

Kisuba ni lugha ya Kibantu inayozungumzwa hasa katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Viktoria, na kwa vizazi kadhaa kimekuwa kikimezwa na Dholuo. Rekodi ya mzee anayesimulia jambo kwa Kisuba inaweza kuhifadhiwa vyema na bado isimfae msomi atakayekuja wakati ambapo hakuna wa kuulizwa. Atasikia sauti asiyoielewa. Ndiyo sababu wanaisimu huiambatanisha rekodi na matabaka ya maandishi yanayofungamanishwa na muda wa sauti yenyewe. Programu inayotumiwa sana kwa kazi hii ni ELAN, iliyobuniwa katika Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia-isimu mjini Nijmegen, Uholanzi, nayo hupatikana bila malipo.

Jambo la kwanza kuamuliwa ni tabaka lipi libebe muda. Wanaoanza hutamani kila tabaka liwe na mipaka yake ya muda, hadi neno kwa neno. Kwa mtafiti wa fonetiki jambo hilo lina faida, lakini kwa masimulizi ni mzigo mkubwa, kwani katika usemi wa haraka maneno huungana na mpaka kati yao huwa wa kukisiwa. Yatosha tabaka moja, la usemi, lipimwe kwa saa. Matabaka mengine yote huwa watoto wake na hurithi muda kutoka kwake. Katika ELAN, tabaka la maneno hupewa aina ya `Symbolic Subdivision`, maana usemi mmoja hugawanyika katika maneno mengi, na tabaka la mofimu huwekwa chini ya maneno kwa aina hiyo hiyo. Glosi na tafsiri hupewa `Symbolic Association`: mofimu moja kwa glosi moja, usemi mmoja kwa tafsiri moja.

Ili msomaji aweze kuyapima haya mwenyewe, na uchukuliwe usemi wa Kiswahili ulioanza katika sekunde ya 12.34 ya rekodi na kukoma katika sekunde ya 14.12:

```
usemi:   Binti yake amevunja ungo
mofimu:  binti  y-ake      a-me-vunj-a        ungo
glosi:   binti  NG9-MIL3   N3-TIM-vunja-KI    chombo.cha.kupepetea
tafsiri: Binti yake amebaleghe
```

NG9 ni ngeli ya 9, MIL3 ni kimilikishi cha nafsi ya tatu umoja, N3 ni nafsi ya tatu umoja, TIM ni hali timilifu, na KI ni kiishio. Nukta katika glosi ya mwisho huunganisha maneno kadhaa yanayofasiri mofimu moja tu. Glosi yaonyesha chombo kilichovunjika, ilhali tafsiri yaeleza msichana aliyekua. Lau tabaka la tafsiri lingekosekana, msomaji wa baadaye angedhani habari hii ni ya vyombo vya jikoni. Lau glosi ingekosekana, asingejua kamwe kwamba lugha hii hulieleza jambo hilo kwa ungo.

Kutokana na hayo, tafsiri isitungwe kwa kuziunganisha glosi. Yafaa msemaji wa Kisuba asikilizishwe kipande kimoja kimoja na kueleza maana yake kabla uchanganuzi wa mofimu haujaanza. Iwapo msemaji huyo ataeleza kwa Dholuo, maneno yake yawekwe katika tabaka lao, na tafsiri ya Kiswahili ifuate katika tabaka jingine. Mtu akiandika Kiswahili moja kwa moja, huifuta hatua ambayo kosa lingeweza kutafutwa.

Uhusiano wa mzazi na mtoto una hatari yake. Kufuta kipande cha usemi huondoa pia maneno, mofimu, glosi na tafsiri zilizo chini yake. Kwa hiyo mipaka ya usemi na unukuzi vikaguliwe kwanza, ndipo maneno yakatwe kwa amri ya `Tokenize Tier...`.

Kosa jingine hutokea nje ya programu. Faili ya ELAN, yenye kiishio `.eaf`, haibebi sauti ndani yake. Huielekeza tu kwenye faili ya sauti na kuhesabu muda tangu mwanzo wake. Mtu akikata sekunde 3 za kelele mwanzoni mwa rekodi baada ya unukuzi, maandishi yote yataachana na sauti kwa sekunde hizo 3. Dawa ya kutambua ni kusikiliza kipande kimoja cha mwanzoni na kimoja cha mwishoni. Pengo likiwa sawa pote, sauti imekatwa kichwa. Pengo likizidi kukua kadiri rekodi inavyoendelea, huenda sauti iliyonukuliwa na hii inayosikilizwa zina kasi tofauti, na hapo kusogeza matabaka yote kwa kiasi kimoja hakutasaidia. Itafutwe ile faili asilia.