Rilei huua transista wakati wa kuzimwa

Mashine nyingi za kutotoleshea vifaranga zinazoundwa na mafundi wa mitaani zinafanana: sanduku la mbao, balbu za kutoa joto, kipimajoto cha kielektroniki na bodi ndogo ya Arduino ya kukisoma. Joto likishuka chini ya nyuzi 37.5 balbu ziwake, likizidi zizime. Mayai ya kuku hukaa humo siku 21, kwa hiyo balbu zinawaka na kuzima mara maelfu. Anayeziwasha na kuzizima ni rilei, na fundi akikosea kuiunga na bodi, mashine inaweza kwenda vizuri siku kadhaa kisha ikafa usiku wa manane, mayai yakiwa ndani.

Rilei inayopatikana kwa wingi madukani ni kijisanduku cha plastiki cha buluu kilichoandikwa SRD-05VDC-SL-C. Ukikivunja utakuta koili ya waya mwembamba wa shaba iliyozungushwa kwenye chuma. Umeme wa volti 5 ukipita kwenye koili, chuma kinageuka sumaku na kuvuta kibati kilicho juu yake. Kibati hicho ndicho kinachogusanisha ncha nene zinazopitisha umeme wa nyumba kwenda kwenye balbu, na ndicho unachokisikia kikilia “tak”. Umeme wa koili na umeme wa balbu havikutani popote, na hiyo ndiyo faida kubwa ya rilei.

Anayeanza kazi hii huona njia ni fupi: pini ya Arduino inatoa volti 5, koili inataka volti 5, basi waya uende moja kwa moja. Tatizo si volti, ni mkondo. Pima koili ya rilei hiyo kwa multimita na utasoma karibu omu 70. Gawa 5 kwa 70, unapata miliampia 71. Sasa Arduino Uno inaendeshwa na chipu ya ATmega328P, na pini moja ya chipu hiyo haitakiwi kuzidi miliampia 40 kwa hali yoyote. Kwa kazi ya kila siku ibaki kwenye 20. Unaidai pini zaidi ya mara tatu ya inachoweza kutoa kwa raha. Huenda rilei ikalia siku ya kwanza, lakini pini inaumia, na pini ikishakufa hakuna wa kuitengeneza.

Hapo ndipo transista inapoingia. Ina miguu mitatu: besi, kolekta na emita. Mkondo mdogo ukiingia kwenye besi, njia kati ya kolekta na emita inafunguka na kupitisha mkondo mkubwa. Kwa hiyo pini inalisha besi tu, na koili inachukua umeme wake kutoka kwenye pawasaplai. Muungo wenyewe ni huu: mguu mmoja wa koili unakwenda kwenye chanya ya volti 5, wa pili kwenye kolekta, emita inakwenda hasi, pini inaingia kwenye besi kupitia rizista. Kama rilei ina pawasaplai yake peke yake, hasi yake lazima iunganishwe na hasi ya Arduino. Zisipounganishwa, mkondo wa besi hauna njia ya kurudi na rilei haitalia kamwe.

Rizista ya besi ndiyo inayowachanganya wengi, na hesabu yake ni nyepesi. Kati ya besi na emita inabaki karibu volti 0.7, hivyo rizista inabebeshwa volti 4.3 zilizosalia. Vitabu husema transista kama 2N2222 hukuza mkondo mara mia na zaidi, lakini idadi hiyo ni ya kukuzia sauti. Unapotaka ifanye kazi ya swichi, ifunguke kabisa, hesabu mara 10 hadi 15 tu. Kwa koili ya miliampia 71 unahitaji kama miliampia 6 kwenye besi, na rizista ya omu 680 inakupa hizo. Ukiwa na ESP32, ambayo pini zake hutoa volti 3.3, shuka hadi omu 470.

Ukibana besi kwa rizista kubwa mno, kwa mfano omu 47,000, transista inabaki nusu imefunguka. Rilei haishiki vizuri au inakataa kulia kabisa. Kipimo cha kuthibitisha ni kimoja: rilei ikiwa imewashwa, weka mita ya DC kati ya kolekta na emita. Usome chini ya volti 0.3. Ukiona volti moja au mbili, besi haijashiba.

Kabla hujaunga, hakikisha unajua mguu upi ni upi. PN2222A na P2N2222A zinafanana kama mapacha na zinafanya kazi ileile, lakini ukizitazama upande bapa, ya kwanza inaanza na emita kushoto na ya pili inaanza na kolekta. Wauzaji wengi huziuza zote kwa jina la 2N2222. Multimita za bei nafuu zina kitundu kilichoandikwa hFE: chomeka transista pande zote mbili, na upande unaotoa namba kubwa, kwa kawaida zaidi ya mia, ndio ulioandikwa miguu sahihi.

Mpaka hapo rilei inawaka na kuzima vizuri, na wengi huishia hapo. Shida ndiyo kwanza inaanza, na inakuja wakati wa kuzima.

Koili haikubali mkondo wake ubadilike ghafla. Mwamerika Joseph Henry alichapisha habari za tabia hiyo mwaka 1832, na kipimo chake kinaitwa henri kwa heshima yake. Umeme ukipita, koili inaweka nishati ndani ya usumaku wake. Pini ikishuka hadi sifuri, transista inafunga njia, lakini miliampia 71 zilizokuwa zinapita zinataka kuendelea kupita. Zikikuta njia imefungwa, koili inapandisha volti yake kwa upande wa kolekta mpaka njia ipatikane kwa nguvu. Kutoka volti 5 inaweza kuruka kupita 100 katika kitambo kidogo mno. Gari la petroli hutumia tabia hiyohiyo makusudi: betri yake ni ya volti 12 tu, lakini mkondo wa koili yake ukikatwa zinapatikana volti maelfu za kuchomea plagi.

Transista ya 2N2222A imetengenezwa kuhimili volti 40 kati ya kolekta na emita. Kila rilei inapozimwa inapigwa zaidi ya hapo. Nishati yenyewe ni kidogo, na ndiyo maana transista nyingi hazifi papo hapo. Zinavumilia pigo la kwanza, la mia, pengine la elfu, na fundi anaapa kwamba saketi yake haina kasoro. Kwenye mashine ya vifaranga, inayozima rilei mchana na usiku, uvumilivu huo una mwisho. Transista ikifa huwa mara nyingi kolekta na emita zimeshikana moja kwa moja: rilei haizimi tena, balbu zinawaka bila kukoma, na mayai yanapikwa. Kuna dalili nyingine hutokea mapema zaidi: Arduino inajiwasha upya yenyewe au skrini yake inaandika herufi za ajabu kila rilei inapozima. Usihangaike na programu. Ni pigo la koili linapenya hadi kwenye bodi.

Dawa yake ni dayodi moja, 1N4007, miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa dukani. Inafungwa sambamba na koili, karibu na miguu yake, mstari wake mweupe ukitazama chanya. Rilei ikiwa imewashwa, dayodi imeziba na haifanyi lolote. Ikizimwa, mkondo wa koili unapata njia kupitia dayodi, unazunguka humo na kufifia. Kolekta haipandi kupita kama volti 5.7.

Ukiigeuza dayodi, itapitisha umeme kutoka chanya moja kwa moja hadi kwenye kolekta. Rilei itanyamaza, transista itapata moto upesi, na bodi huenda ikazima. Ukiona mambo hayo matatu pamoja, chomoa umeme uangalie mstari mweupe. Dayodi hiyo pia ni ya upande wa koili peke yake. Ukiifunga sambamba na balbu kwenye umeme wa nyumba umetengeneza shoti, kwa sababu umeme huo hubadili mwelekeo mara 100 kwa sekunde.

Dayodi ina gharama moja: mkondo unafifia polepole, hivyo kibati kinaachia kwa kuchelewa milisekunde chache. Kwa balbu haina maana yoyote.

Mota ndogo, kama ya feni ya kusambaza joto ndani ya sanduku, inaungwa kwa mchoro uleule, lakini hesabu inabadilika. Mota ya brashi inapoanza kuzunguka, au ikikwama, inavuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ikiwa inazunguka. Pima omu za mota iliyosimama: ikiwa ni 4 na unaipa volti 6, mwanzoni itadai ampia 1.5. Hapo 2N2222 haifai. Tumia mosfeti ya IRLZ44N, inayofunguka vizuri kwa volti 5 za pini, na weka rizista ya omu 10,000 kati ya geti na hasi ili mota isizunguke yenyewe bodi inapowaka. Ukipunguza kasi ya mota kwa PWM, 1N4007 ni nzito kuitikia. Chukua 1N5819, mradi mota haivuti zaidi ya ampia moja, na ikizidi tafuta dayodi kubwa ya aina hiyo.

Anayenunua rilei iliyokwisha kufungwa kwenye kibodi chake hana haja ya kuongeza chochote, kwa kawaida transista na dayodi zimo. Ajue tu kwamba vingi vya vibodi hivyo huwasha rilei pini ikiwa LOW, si HIGH.

Kabla ya kuunga balbu, jaribu saketi kwa programu hii:

```
const int RILEI = 7;

void setup() {
  pinMode(RILEI, OUTPUT);
}

void loop() {
  digitalWrite(RILEI, HIGH);
  delay(2000);
  digitalWrite(RILEI, LOW);
  delay(2000);
}
```

Iache ilie usiku kucha bila umeme wa nyumba. Asubuhi gusa transista: iwe ya baridi au vuguvugu tu, na rilei iwe bado inalia kila baada ya sekunde mbili. Ikipita hapo, chomoa kila kitu, unga waya za balbu, zifunike vizuri, ndipo uweke mayai.