Ujumbe mmoja unapoziba foleni nzima

Chukua mfano wa chuo kinachopokea ada kwa simu. Mzazi akilipa, kampuni ya simu hutuma taarifa kwenye sava ya chuo: kiasi, namba ya muamala, na namba ya usajili aliyoandika mzazi. Taarifa hiyo haishughulikiwi papo hapo. Huwekwa kwenye foleni, na kila baada ya dakika 5 programu ndogo huamka, huchukua taarifa 50 za zamani zaidi, huzipitia moja baada ya nyingine, huongeza fedha kwenye akaunti ya mwanafunzi, kisha hulala. Ni utaratibu wa kawaida kabisa, na unaweza kwenda miezi mingi bila mtu kuufikiria.

Sasa ni Jumatatu ya kujiandikisha kwa mitihani. Saa 2 asubuhi programu inaamka, inapitisha taarifa 17, halafu inafika ya 18. Mzazi aliyeituma ameandika mwaka wa usajili wa mwanawe kwa herufi O badala ya sifuri. Programu inataka kuugeuza mwaka huo kuwa namba, inashindwa, na inakufa ikiacha mstari huu kwenye kumbukumbu za mfumo:

```
ValueError: invalid literal for int() with base 10: '2O23'
```

Hebu utazame vizuri mstari huo. Macho ya mtu aliyechoka hayaioni ile herufi. Saa 2 na dakika 5 programu inaamka tena. Zile 17 zimeshapita, kwa hiyo taarifa ya kwanza mlangoni ni ileile yenye O. Inakufa tena, safari hii bila kupitisha hata moja. Kufikia saa 4 imeshakufa zaidi ya mara 20, nyuma yake kuna mamia ya wazazi waliolipa, na dirishani kwa mhasibu wamesimama wanafunzi walioshika simu zenye ujumbe wa malipo ambayo mfumo hauyatambui.

Mafundi wa mifumo huita taarifa ya namna hii ujumbe wenye sumu. Hauna virusi, wala hakuna aliyeutuma kwa nia mbaya. Sumu yake ni kwamba utashindwa kila ukijaribiwa, na kwa kuwa uko mbele, unawazuia wote walio nyuma. Dalili yake huonekana mapema ukijua pa kutazama. Urefu wa foleni hautoshi, kwa sababu foleni hurefuka hata siku ya biashara nzuri. Tazama umri wa taarifa ya zamani zaidi: ikiwa kila dakika inayopita unaongezeka kwa dakika moja kamili, kuna kitu kimekaa mlangoni. Kisha tazama kumbukumbu za makosa. Ukiona kosa lilelile, likitaja namba ileile ya muamala, kila baada ya dakika 5, umempata.

Fundi aliyeamshwa na simu ya mhasibu hufanya jambo la haraka. Anaiambia programu kwamba ikikutana na kosa, iliandike na iendelee na taarifa inayofuata. Foleni inafunguka na watu wanashukuru. Lakini taarifa yenye sumu bado imo humo ikihesabiwa kuwa haijashughulikiwa, na kwa kuwa ndiyo ya zamani zaidi, itachukuliwa tena katika kila mzunguko. Mwezi ujao zitakuwa 9, muhula ujao 30. Siku zitakapofika 50, kikapu chote cha taarifa 50 kitajaa sumu tupu na foleni itaziba upya, safari hii bila programu kufa na bila kengele yoyote kulia. Wengine hukimbilia dawa nyingine: wanaitia alama taarifa hiyo kwamba imekwisha. Hapo fedha ya mzazi imepotea ndani ya mfumo, na hakuna mahali pa kuanzia kuitafuta.

Kinachohitajika ni mahali pa tatu, pasipo foleni wala jalala. Posta zilikwisha kukutana na tatizo hili. Mwaka 1825 Posta ya Marekani ilianzisha ofisi ya barua mfu, yaani zile zisizoweza kumfikia mwandikiwa wala kurudi kwa mwandishi. Makarani wa ofisi hiyo waliruhusiwa kuzifungua ili watafute dalili za mwenyewe, na wabeba barua wakaendelea na njia zao bila kuzibeba tena kila asubuhi. Mifumo ya kompyuta imerithi jina na wazo: ujumbe ulioshindwa mara kadhaa huhamishiwa eneo la barua mfu, ukasubiri mtu.

Kuhamisha ni kazi nyepesi. Ugumu uko kwenye kuhesabu, na hapa ndipo nimeona mifumo mingi ikikosea. Tuseme tumeamua kwamba majaribio 5 yanatosha. Fundi anaandika: fanya kazi, ukishindwa ongeza hesabu. Inaonekana sawa. Lakini kuna ujumbe ambao hauleti kosa la kistaarabu. Unakula kumbukumbu yote ya sava mpaka mfumo endeshi unaiua programu papo hapo, na ule mstari wa kuongeza hesabu haufikiwi kamwe. Au hesabu imeandikwa ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata pamoja na kazi yenyewe, kwa hiyo kazi ikifutwa, hesabu inafutwa nayo. Hali zote mbili huishia pamoja: ujumbe umejaribiwa mara 1,000, nao kwenye hifadhidata una majaribio 0.

Kwa hiyo hesabu iandikwe kabla ya kazi, ithibitishwe peke yake, ndipo kazi ianze. Katika PostgreSQL, kuchukua ujumbe na kuuhesabu kunaweza kuwa tendo moja:

```sql
UPDATE foleni
SET majaribio = majaribio + 1,
    jaribu_tena = now() + interval '5 minutes'
WHERE id = (
  SELECT id FROM foleni
  WHERE majaribio < 5 AND jaribu_tena <= now()
  ORDER BY id LIMIT 1
  FOR UPDATE SKIP LOCKED)
RETURNING *;
```

Safu ya `jaribu_tena` inaupumzisha ujumbe kwa dakika 5 tangu unapochukuliwa, na katika muda huo walio nyuma wanapita. Jaribio la tano likishindwa, programu inaunakili ujumbe kwenye jedwali la barua mfu na kuufuta kwenye foleni, yote mawili katika muamala mmoja ili usipotee katikati wala usibaki pande zote mbili. Na kwa kuwa programu inaweza kuuawa katika jaribio hilohilo la tano, panahitajika mfagio unaopita mara kwa mara kuhamisha kila kilichofikisha majaribio 5 na kupitisha muda wake. Bila mfagio huo, ujumbe hubaki ndani ya foleni bila kuchukuliwa na yeyote.

Wanaotumia foleni za kukodi hupewa sehemu ya kazi hii tayari. Amazon SQS huhesabu yenyewe kila ujumbe unapochukuliwa. Wewe unaweka kikomo kinachoitwa `maxReceiveCount` na kutaja foleni ya barua mfu. Ila kuna mtego wa muda. SQS huhifadhi ujumbe kwa siku 4 usipobadilisha, na kiwango cha juu ni siku 14. Katika foleni ya kawaida, ujumbe ukihamishiwa kwa barua mfu saa ya uhifadhi haianzi upya. Huendelea kuhesabu tangu siku ulipoingia mara ya kwanza. Ukikaa siku 1 kwenye foleni kuu, na eneo la barua mfu nalo limewekewa siku 4, umebakiwa na siku 3 tu. Barua iliyokufa kabla ya mapumziko marefu ya sikukuu inaweza kufutwa kabla hujarudi ofisini. Ndiyo maana muda wa uhifadhi huko uwe mrefu kuliko wa foleni kuu.

Lipo kosa jingine linalogeuza kinga hii kuwa madhara. Tuseme hifadhidata ya wanafunzi imezimika kwa saa nzima. Sasa kila taarifa inashindwa, zikiwemo zile ambazo hazina kasoro yoyote. Majaribio 5 yenye mapumziko ya dakika 5 humalizika chini ya nusu saa, na malipo yote halali ya asubuhi hiyo yanajikuta katika eneo la barua mfu. Programu lazima ijiulize nani aliyeshindwa, ujumbe au mazingira. Ikiwa ujumbe mmoja unaanguka na wenzake wanapita, tatizo ni la ujumbe. Ikiwa kumi tofauti zimeanguka mfululizo kwa kosa la kukosa mawasiliano, tatizo si lao: programu isimame, irudishe majaribio iliyoyahesabu, ipige kengele, ingoje. Vivyo hivyo toleo jipya la programu likitoka na kasoro, litaangusha kila kitu, na halitakiwi kuachwa lijaze makaburi.

Ujumbe ukishahamishwa, uhifadhiwe kama ulivyofika, herufi kwa herufi. Aliyeusafisha kabla ya kuuhifadhi ameshaipoteza ile O iliyoeleza kila kitu. Pamoja nao viandikwe kosa la mwisho, saa ya jaribio la kwanza na la mwisho, na toleo la programu lililokuwa kazini. Kengele ilie eneo hilo linapopata barua hata moja, na iende kwa mtu mwenye jina na zamu. Katika chuo chetu, mtu huyo asiwe fundi peke yake. Fundi ataiona O, lakini mhasibu ndiye anayeweza kumpigia mzazi na kuhakikisha kwamba namba ni ya mtoto wake.

Baada ya marekebisho, barua hurudishwa kwenye foleni. Rudisha moja kwanza, uitazame ikipita, ndipo ufuate na nyingine, na hesabu ya majaribio ianze sifuri. Hapo panahitaji tahadhari ya mwisho, ambayo ni ya fedha kabisa. Ujumbe ulioanguka huenda haukuangukia mlangoni. Pengine salio lilikuwa limeshaongezwa, na kilichoshindwa ni kutuma risiti kwa simu. Ukiurudisha hivihivi, mwanafunzi anaongezewa ada mara mbili. Kinga yake ni namba ya muamala kuwekewa sharti la upekee kwenye jedwali la malipo, ili jaribio la pili likute fedha imeshaingia na lirukie hatua ya risiti.

Na mpangilio nao huvunjika. Kama mzazi alilipa, kisha kampuni ya simu ikatuma taarifa ya kuyafuta malipo hayo, na ile ya kwanza ndiyo iliyokufa, taarifa ya kufuta itafika peke yake na kukuta hakuna cha kufuta. Panapokuwa na hatari hiyo, taarifa zote zinazofuata za mwanafunzi huyohuyo zihamishwe pamoja na iliyokufa, zikae kwa mpangilio wake, na zirudi kwa mpangilio huo. Wanafunzi wengine wote wanaendelea kuhudumiwa.